Chati ya mtoto wa Aktiki: kwa nini nyumba zinagoma, na nini cha kufanya

Dada mmoja wa Kigoma anayeishi Tromsø, kaskazini mwa Norwe, alinitumia chati mbili za unajimu za mwanawe, kila moja kutoka programu yake. Mtoto alizaliwa tarehe 21 Desemba 2020, saa tano na nusu asubuhi. Chati ya kwanza ilisema nyota inayochomoza ni Punda, ya pili ikasema ni Mizani. Tarehe ni ileile, saa ni ileile, mji ni uleule. Akaandika chini yake: "Kaka, mtoto mmoja anachomozaje pande mbili?"

Swali lake lina jibu, na jibu lenyewe limo kwenye jiometria ya mbingu ya huko. Programu zote mbili hazikukosea hesabu. Nitapita kwenye dalili moja moja nikitumia chati ya mtoto huyu, kwa sababu ndani yake karibu matatizo yote ya latitudo za juu yamekutana. AC ni ile nukta ya njia ya Jua inayokata upeo wa macho, na kwa kawaida huwa upande wa mashariki; nyota iliyo na AC ndiyo inayoitwa nyota inayochomoza. MC ni nukta ya njia hiyo iliyo kwenye mstari wa adhuhuri, upande wa kusini kwa watu wa kaskazini. Nyumba ni zile sehemu kumi na mbili ambazo chati hugawanywa, na kizingiti ni digrii ambapo nyumba inaanzia.

Kabla ya yote: hakikisha ulichoingiza

Kwetu sisi tunaosema Kiswahili kosa la kwanza ni saa. Mama akisema "saa tano na nusu asubuhi", programu inataka 11:30. Ukiandika 5:30, Tromsø itakupa AC ya digrii 12 za Nge na MC ya digrii 26 za Mashuke. Chati hiyo haina kasoro yoyote ya kuonekana kwa macho, ila si ya mtoto huyu.

Kosa la pili ni kugeuza latitudo na longitudo. Tromsø iko latitudo 69.65 kaskazini na longitudo 18.96 mashariki. Ukizigeuza unajikuta ndani ya Bahari ya Arabu, magharibi ya Mumbai, na programu itakutolea nyumba kumi na mbili nzuri, zilizolingana, bila onyo lolote. Basi chati ya Aktiki ikija nzuri kupita kiasi, rudi uangalie namba ulizoingiza.

Dalili: programu inakataa Placidus au Koch, au inabadilisha mfumo kimyakimya

Placidus na Koch ni mifumo ya kugawa nyumba, na hili ndilo wengi wanakutana nalo kwanza. Programu nyingi za unajimu zinatumia kokotoo la Swiss Ephemeris. Kokotoo hilo, likipewa mahali palipo ndani ya Duara la Aktiki na kuombwa Placidus au Koch, linarudisha alama ya kosa `ERR`, kisha linatoa nyumba za Porphyry badala yake. Programu iliyoandikwa vizuri itakuonyesha ujumbe. Nyingine inameza ujumbe huo na juu ya chati linabaki neno "Placidus" kana kwamba hakuna kilichotokea.

Namna ya kugundua ni rahisi. Porphyry huchukua nafasi kati ya MC na AC na kuigawa sehemu tatu sawasawa kwa digrii. Chukua vizingiti vya nyumba ya 10, 11, 12 na 1, kisha toa kimoja kwa kingine. Kwenye chati ya mtoto wetu, ile yenye Punda, nilipata takriban digrii 27 za Mshale, 4 za Ndoo, 12 za Samaki na 19 za Punda. Tofauti ni digrii 37 na kidogo kila mara. Placidus halisi haigawi hivyo. Ukiona tofauti tatu zinazolingana, ujue umepewa Porphyry, hata kama lebo inasema vingine.

Ukitaka kujiridhisha mwenyewe, amri hii ya swetest, programu ya majaribio ya Swiss Ephemeris, inatosha. Angalia kwamba longitudo inatangulia, na kwamba saa ni ya UT, yaani saa moja nyuma ya saa ya Norwe wakati wa baridi:

```
swetest -b21.12.2020 -ut10:30 -p0 -house18.96,69.65,P
swetest -b21.12.2020 -ut10:30 -p0 -house18.96,69.65,O
```

Herufi `P` ni Placidus na `O` ni Porphyry. Vizingiti vikitoka sawa kwenye amri zote mbili, Placidus haikukokotolewa.

Sasa sababu. Placidus, mfumo uliopewa jina la mtawa wa Kiitalia Placidus de Titis wa karne ya 17, haugawi nafasi. Unagawa muda. Unauliza: digrii hii ya njia ya Jua inachukua saa ngapi tangu ichomoze hadi ifike mstari wa adhuhuri? Kisha muda huo unagawanywa kwa tatu, na kizingiti cha nyumba kinawekwa kwenye digrii ambayo imemaliza theluthi moja ya safari, au theluthi mbili. Koch nayo inategemea muda kama huo, ila inachukua safari ya digrii ya MC peke yake.

Hesabu ya safari hiyo ni hii, ambapo H ni nusu ya safari ya juu ya upeo, na mwinamo ni umbali wa digrii husika kutoka ikweta ya mbingu:

```
cos H = -tan(latitudo) * tan(mwinamo)
```

Ifanye kwa Dar es Salaam, latitudo 6.8 kusini, ukichukua mwanzo wa Kaa wenye mwinamo wa 23.44 kaskazini. Utapata H ya digrii 87, sawa na saa 5 na dakika 48. Mwanzo wa Mbuzi unapata 93, yaani saa 6 na dakika 12. Kila digrii ya njia ya Jua inachomoza, inapanda kwa takriban saa sita na kushuka kwa takriban saa sita. Ndiyo maana sisi wa karibu na ikweta tunaweza kufanya unajimu maisha yote bila kuliona tatizo hili.

Ifanye kwa Tromsø. Kuzidisha tan ya 69.65 na tan ya 23.44 kunatoa 1.17. Hakuna pembe yenye kosini inayozidi 1 wala iliyo chini ya -1, na kikokotoo chako kitaandika kosa. Maana yake ni kwamba mwanzo wa Kaa hautui kamwe huko, unazunguka juu mchana na usiku. Mwanzo wa Mbuzi nao hauchomozi kamwe. Safari isiyo na mahali pa kuanzia haina theluthi.

Mpaka wa tatizo unapatikana kwa kutoa latitudo kwenye 90. Kwa Tromsø ni 20.35: digrii yoyote yenye mwinamo unaozidi hapo haigusi upeo wa macho. Hizo ni kuanzia digrii 1 ya Mapacha hadi 29 za Kaa, zisizotua, na kuanzia digrii 1 ya Mshale hadi 29 za Mbuzi, zisizochomoza. Kwa hiyo nyota nne, karibu nzima, haziwezi kuwa AC ya mtu aliyezaliwa Tromsø. Mtu akikuletea chati ya huko yenye AC ya digrii 15 za Mbuzi, usianze kuifasiri. Mahali au saa imeingizwa vibaya.

Dalili: nyumba zipo, lakini moja ni kubwa kama tatu

Hii inatokea hata kabla ya kuvuka Duara la Aktiki, na hapa Placidus haikatai. Reykjavik iko latitudo 64.15, kwa hiyo kila digrii inachomoza na kutua, ila kwa kasi zisizolingana kabisa. Chukua wakati ambapo mwanzo wa Mbuzi uko kwenye MC: AC ni mwanzo wa Punda, umbali wa digrii 90, safi kabisa. Subiri saa mbili. MC imesogea hadi digrii 28 za Mbuzi, lakini AC imekimbia kupita Punda, Ng'ombe na Mapacha hadi digrii 3 za Kaa. Sasa kati ya MC na AC pana digrii 155, na robo inayofuata imebakiwa na 25. Ukizigawa kwa tatu kwa njia ya Porphyry, nyumba za upande mmoja zinapata karibu digrii 52 kila moja na za upande mwingine zinapata 8. Dar es Salaam, mbingu ikiwa vilevile, robo hizo ni 93 na 87.

Hakuna kilichoharibika hapo, na wapo wanajimu wanaozisoma nyumba hizo jinsi zilivyo, pamoja na nyota nzima zilizomezwa ndani ya nyumba moja. Mimi siwakatazi. Lakini kwa latitudo hiyo dakika tano za kosa kwenye saa ya kuzaliwa zinaweza kuhamisha sayari tatu, kwa hiyo ulizia kwanza saa imetoka wapi.

Dalili: AC mbili zinazokabiliana

Hapa ndipo swali la dada yangu lilipo.

Tarehe 21 Desemba 2020 ilikuwa siku ya solstisi, Jua likiwa limeingia tu Mbuzi. Tromsø iko kwenye usiku wa Aktiki wakati huo, na hata adhuhuri Jua linakuwa digrii 3 chini ya upeo. Watu wanaona mwanga wa buluu upande wa kusini, Jua lenyewe hawalioni. Mtoto alizaliwa dakika 12 hivi kabla ya adhuhuri halisi ya Jua. MC ilikuwa digrii 27 za Mshale, na Mshale, kama tulivyoona, ni mojawapo ya nyota zisizochomoza. Kwa hiyo MC ya mtoto huyu, nukta tunayoiita kilele, ilikuwa chini ya ardhi.

Kila siku huko Tromsø hali hii hudumu kama saa 4 na dakika 10, tangu digrii 1 ya Mshale ifike kusini hadi digrii 29 za Mbuzi zipite. Ndani ya muda huo mbingu inafanya jambo ambalo mtu wa ikweta halijui: nyota zinachomoza kinyumenyume. Kwanza Ng'ombe, kisha Punda, kisha Samaki, kisha Ndoo, na kila nyota inaanza na digrii zake za mwisho. Katikati ya kipindi hicho AC inarudi nyuma zaidi ya digrii moja na nusu kwa kila dakika. Kisha, digrii 29 za Mbuzi zikishapita kusini, AC inaruka upande wa pili hadi digrii 29 za Kaa na kuendelea mbele polepole kwa karibu saa 20, kupitia Simba, Mashuke, Mizani na Nge.

Sasa weka upeo wa macho wa ile saa tano na nusu asubuhi. Unakata njia ya Jua mahali pawili: mashariki kwenye digrii 19 za Punda, magharibi kwenye digrii 19 za Mizani. Hakuna utata wowote kuhusu mbingu yenyewe. Utata unaanza tunapotaka mambo matatu kwa pamoja: AC iwe mashariki, nyumba ya 1 hadi ya 6 ziwe chini ya upeo, na nyumba zihesabiwe kwa mpangilio wa nyota, Punda kisha Ng'ombe kisha Mapacha. Kwa Dar es Salaam mambo haya matatu huja pamoja bila kuombwa. Ndani ya zile saa 4 za Tromsø haiwezekani kuyapata yote, lazima moja liachwe.

Programu ya kwanza ya dada yangu ilishika mashariki, ikatoa Punda. Gharama yake ni kwamba nusu ya juu na nusu ya chini zimegeuka. Jua, ambalo lilikuwa chini ya ardhi, linatokea kwenye nyumba ya 10. Mwezi uliokuwa mwishoni mwa Samaki, na Mshtarii na Zohali waliokutana siku hiyohiyo mwanzoni mwa Ndoo, wote walikuwa chini ya upeo, lakini kwenye duara wamechorwa juu. Mirihi, kwenye digrii kama 23 za Punda, imewekwa ndani ya nyumba ya 1 kana kwamba bado haijachomoza. Kwa kweli ilikuwa imeshachomoza, digrii moja hivi juu ya upeo.

Programu ya pili ilitumia fomula ya kawaida ya AC bila marekebisho yoyote. Fomula hiyo, ndani ya zile saa 4, inateleza na kutoa nukta ya magharibi. Ikatoa Mizani. Juu na chini sasa ni sahihi, Jua limo kwenye nusu ya chini inavyostahili, ila "nyota inayochomoza" ndiyo iliyokuwa inatua.

Kuna kundi la tatu linaloshika AC ya mashariki, digrii 19 za Punda, lakini linaihamishia MC upande wa kaskazini, kwenye digrii 27 za Mapacha, kwa hoja kwamba kilele lazima kionekane. Wakifanya hivyo, kufuata mpangilio wa nyota kunaiweka MC mbele ya AC, ndani ya eneo la nyumba ya 3, na nyumba za robo zinagoma kujipanga isipokuwa uzihesabu kinyume.

Jinsi ya kujua programu yako imechagua nini: usiamini mchoro, tazama mbingu. Fungua programu ya nyota kama Stellarium, weka Tromsø, tarehe na saa, uwashe mstari wa njia ya Jua, kisha geuka mashariki. Pale mstari huo unapokata upeo wa mashariki ndipo AC ilipo; soma longitudo yake kwenye njia ya Jua, usifuate kundi la nyota linaloonekana hapo. Kisha geuka kusini uone kama njia ya Jua iko juu au chini ya upeo. Kazi hii haifiki dakika mbili.

Wanajimu wanafanya nini badala yake

Wengi wanaofanya kazi na watu wa Norwe ya kaskazini, Lapland na Alaska wanahamia nyumba za nyota nzima. Nyota yenye AC inakuwa nyumba ya 1 yote, inayofuata inakuwa ya 2, na kuendelea. Ni mfumo wa zamani sana, wa wanajimu wa Kigiriki, na unahitaji kitu kimoja tu kutoka kwenye upeo, yaani AC. MC haianzishi nyumba yoyote. Inabaki kuwa nukta inayoelea popote ilipo. Kwa mtoto wetu Punda ni nyumba ya 1, Mbuzi yenye Jua ni ya 10, na MC ya Mshale imeangukia ya 9. Nyumba sawa za digrii 30 kuanzia digrii ya AC zinafanya kazi kwa namna hiyohiyo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba uzito wote unakaa juu ya AC, na AC ndiyo inayokimbia. Mtoto huyu angezaliwa dakika 13 baadaye, AC ingekuwa imerudi hadi Samaki, na nyumba zote kumi na mbili zingebadilika. Kwenye Duara la Aktiki lenyewe, mara moja kila siku, njia ya Jua inalala sambamba na upeo wa macho, digrii zote 360 ziko kwenye upeo kwa pamoja na AC haipo. Rovaniemi, Ufini, iko latitudo 66.5, karibu kabisa na hali hiyo. Na kwenye ncha ya dunia hakuna mashariki, basi.

Wanaotaka kuukimbia upeo kabisa wanatumia Morinus au mfumo wa meridiani. Hii inagawa ikweta ya mbingu sehemu kumi na mbili sawa kuanzia mstari wa adhuhuri, na latitudo haiingii popote kwenye hesabu. Haigomi kamwe. Lakini fikiria maana yake: Cape Town iko karibu longitudo ileile na Tromsø, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Cape Town dakika ileile, katikati ya kiangazi na Jua likikaribia kuwa juu ya kichwa, anapata nyumba karibu zilezile na mtoto wa usiku wa Aktiki. Mimi jambo hilo linanishinda kulikubali, maana nyumba kwangu ni habari ya mahali mtu alipozaliwa.

Regiomontanus na Campanus nazo hutoa namba ndani ya Aktiki, kwa kuwa zinagawa nafasi wala si muda. Ila vizingiti vyake huko hubanana, na swali la juu na chini linabaki palepale.

Nilichomjibu

Nilimtumia dada chati ya nyota nzima yenye Punda, kwa sababu nikilazimika kuacha kitu kimoja kati ya vile vitatu, siwezi kuacha mashariki. Neno lenyewe ni nyota inayochomoza. Pembeni ya duara niliandika kwa mkono: "Jua, Mwezi, Mshtarii na Zohali wako chini ya upeo. Mirihi iko juu. Ni chati ya usiku." Hilo ni muhimu kwa sababu mnajimu mwingine akiona Jua kwenye nyumba ya 10 ataisoma kama chati ya mchana, na kila kanuni inayotegemea mchana na usiku itageuka.

Kisha nikamuuliza ile saa tano na nusu imetoka wapi. Akasema ndivyo ilivyoandikwa hospitalini. Nikamwomba akumbuke kama iliandikwa wakati mtoto anatoka au baadaye, walipokwisha kumfunga kitovu. Bado tunangoja simu ya mama mkwe wake, ambaye alikuwepo chumbani.